Kreatini kwa vijana wanaokwea miamba na kucheza jimnastiki: mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua

Mwanao anafanya mazoezi ya kukwea miamba au jimnastiki, na sasa anakuomba umnunulie kreatini. Labda ameisikia kwa wenzake, labda kwa kocha, au ameona unga wake mweupe kwenye duka la vifaa vya michezo. Wewe unajiuliza maswali mawili: je, ni salama? Na je, itamsaidia kweli, hasa kwa kuwa katika michezo hii kila kilo ya mwili hubebwa na vidole na mikono yake mwenyewe?

Makala hii inajibu maswali hayo mawili.

Kwa ufupi

- Kreatini si dawa ya kulevya wala si homoni. Mwili huitengeneza wenyewe, na tunaipata pia katika nyama na samaki. Haiko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni.
- Husaidia kazi fupi na kali inayorudiwa mara nyingi. Haisaidii sana kazi ndefu ya kuning'inia ukutani.
- Huweza kuongeza uzito, na ongezeko la mwanzo ni maji ndani ya misuli. Hayo si mafuta.
- Mtoto ambaye bado hajamaliza kubalehe hahitaji kreatini.
- Kijana asiyekula vya kutosha asipewe kreatini kabla tatizo la chakula halijatatuliwa.

Kreatini ni nini

Ini, figo na kongosho hutengeneza kreatini kila siku kutokana na viini vya protini. Kiasi kikubwa, takriban asilimia 95, huhifadhiwa kwenye misuli. Mtu mzima hupoteza karibu gramu 2 kwa siku kupitia mkojo. Nusu ya hizo hurudishwa na mwili wenyewe na nusu nyingine hutoka kwenye chakula, iwapo mtu anakula nyama au samaki.

Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe au samaki ikiwa mbichi ina takriban gramu 2 za kreatini, na kiasi fulani hupotea wakati wa kupika. Maharage, dengu, ugali, wali na mboga za majani ni chakula kizuri lakini havina kreatini ya kuhesabika. Ndiyo maana kijana anayekula nyama mara chache huwa na akiba ndogo misulini, na mara nyingi ndiye anayeona mabadiliko makubwa zaidi akianza kuitumia. Mwenzake anayekula nyama na samaki kila siku anaweza kuona mabadiliko madogo au asione kabisa, kwa sababu misuli yake ilikuwa karibu kujaa tangu mwanzo.

Inafanya kazi gani misulini

Misuli ikifanya kazi hutumia nishati iliyobebwa na chembe iitwayo ATP. Akiba ya ATP ni ndogo sana, huisha ndani ya sekunde chache. Hapo ndipo kreatini inapoingia: ikiwa imeshikana na fosfati, huitwa fosfokreatini, na huijaza ATP upya papo hapo bila kusubiri pumzi wala chakula. Akiba hii nayo hutosha kwa takriban sekunde 10 za kazi ya nguvu zote. Baada ya hapo mwili hutegemea njia nyingine, na fosfokreatini hujijaza tena mtu anapopumzika kwa dakika chache.

Kwa hiyo kreatini humfaa zaidi anayefanya kazi ya sekunde chache, akapumzika, kisha akairudia. Angalia mchezo wa mwanao kwa jicho hilo.

Katika kukwea kwa kasi ukuta una urefu wa mita 15. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Aleksandra Mirosław wa Poland aliupanda kwa sekunde 6.06. Hiyo ni kazi ya fosfokreatini karibu mwanzo hadi mwisho. Kukwea kuta fupi bila kamba, ambako mkweaji hujaribu miruko michache migumu, huanguka kwenye godoro, hupumzika na kujaribu tena, nako kunafanana na hali hiyo.

Kukwea kwa kamba kwenye ukuta mrefu ni jambo jingine. Mkweaji hukaa ukutani dakika kadhaa, na kinachomwangusha mara nyingi ni mikono kujaa na kuwa mizito kuanzia kiwiko hadi kiganja. Hali hiyo hutokea kwa sababu misuli inayokaza vidole hubana mishipa ya damu, na damu haipiti vizuri. Kreatini haifungui mishipa hiyo. Anayekwea kwa kamba anaweza kufaidika katika mazoezi yake ya nguvu, lakini asitegemee kwamba itaondoa uchovu huo.

Katika jimnastiki, kuruka farasi ni mfano mzuri wa kazi inayofaidika: mbio za mita zisizozidi 25, msukumo mmoja wa miguu, msukumo mmoja wa mikono, basi. Miruko ya sakafuni pia ni ya nguvu za ghafla. Lakini onyesho zima la sakafuni la wasichana linaweza kufika sekunde 90, na mruko wa mwisho hufanywa wakati fosfokreatini imekwisha kupungua sana. Msichana anayechoka kabla ya mruko wa mwisho anahitaji zaidi mazoezi ya pumzi na chakula cha wanga kuliko unga wa kreatini.

Jambo moja zaidi: kreatini haijengi nguvu peke yake. Humwezesha kijana kufanya marudio machache zaidi, au kurudia kwa nguvu ileile, na mazoezi hayo ya ziada ndiyo yanayomjenga kwa wiki na miezi. Asiyefanya mazoezi ya nguvu yaliyopangwa hapati faida kubwa.

Kwa nini uzito huongezeka

Kreatini ikiingia kwenye seli za misuli huvuta maji. Mtu mzima anayeanza kwa dozi kubwa, gramu 20 kwa siku kwa wiki moja, mara nyingi huongezeka kilo 1 hadi 2 ndani ya wiki hiyo. Anayeanza kwa gramu 3 kwa siku hufika mahali palepale polepole, na mizani inaweza kusogea kidogo tu.

Kwa mchezaji wa kutupa kisahani, kilo moja si kitu. Kwa msichana wa kilo 50 anayening'inia kwa ncha za vidole, kilo moja ni asilimia 2 ya mzigo wote. Hapa ndipo vijana wengi wa michezo hii huogopa, na wengine huikataa kreatini moja kwa moja. Wengine hufanya jambo baya zaidi: huitumia, kisha hupunguza chakula ili mizani irudi pale ilipokuwa. Tutalirudia jambo hilo.

Swali la maana ni hili: je, nguvu iliyoongezeka ni kubwa kuliko uzito ulioongezeka? Swali hili lina jibu linaloweza kupimwa, na huhitaji maabara.

Mfano wa kupima

Tuchukue msichana wa miaka 17, anayekwea tangu utotoni, aliyekwisha kubalehe, asiye na maumivu ya vidole, na anayesimamiwa na kocha. Ana kilo 52. Kwenye ubao wa vidole wenye ukingo wa milimita 20, anaweza kuning'inia kwa mikono miwili kwa sekunde 7 akiwa amejifunga kiunoni kilo 18 za ziada, na hawezi zaidi ya hapo.

Vidole vyake vinabeba 52 na 18, jumla kilo 70. Ukigawa 70 kwa 52 unapata 1.35. Yaani anabeba mara 1.35 ya uzito wake. Namba hii ndiyo inayomhusu mkweaji, kwa kuwa ukutani habebi kilo 18, hubeba mwili wake tu.

Anatumia gramu 3 za kreatini kwa siku kwa wiki 8 huku akiendelea na mazoezi yaleyale na chakula kilekile. Mizani sasa inasoma kilo 53. Anarudi kwenye ubao, na kuna matokeo matatu yanayoweza kutokea.

Akiweza tena kilo 18 zilezile, vidole vinabeba kilo 71. Ukigawa kwa 53 unapata 1.34. Nguvu ya vidole imeongezeka kwa kilo moja, lakini uzito umeila faida yote. Ukutani hatahisi tofauti.

Akiweza kilo 20, jumla ni 73, na ukigawa kwa 53 unapata 1.38. Hapo amepata faida halisi ingawa ni mzito zaidi.

Akishindwa kilo 18, amerudi nyuma. Kabla ya kulaumu kreatini, tazameni usingizi, chakula, ugonjwa na uchovu wa mazoezi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Unyevu wa hewa, ngozi ya vidole na uchovu wa siku hiyo huweza kubadilisha matokeo kwa kilo moja au mbili bila sababu nyingine. Kocha apime siku 3 tofauti kabla ya kuanza na siku 3 tofauti mwishoni, kisha achukue wastani.

Kwa mwanajimnastiki kanuni ni ileile lakini kipimo ni kingine: urefu wa kuruka wima akiwa amesimama, au idadi ya mara anazopanda kamba kwa mikono tu. Katika mazoezi hayo uzito wa mwili tayari umo ndani ya kipimo. Akiruka juu zaidi akiwa na kilo moja ya ziada, amefaidika. Akiruka chini zaidi, hajafaidika.

Habari njema ni kwamba jambo hili linarudi nyuma. Akiacha kutumia, akiba ya misulini hushuka hadi kiwango chake cha kawaida baada ya wiki 4 hadi 6, na maji ya ziada huondoka nayo. Hakuna haja ya kushusha dozi polepole.

Kwa sababu hiyo pia, jaribio lifanyike wakati hakuna mashindano karibu. Mwanajimnastiki huzungusha mwili wake hewani kwa hesabu ya mazoea, na mwili ukibadilika ghafla, hata kwa kilo moja, mazoea hayo hukosea kidogo. Kuanza kreatini wiki mbili kabla ya mashindano ni kumwongezea hatari ya kutua vibaya.

Hatari iliyo kubwa kuliko kreatini yenyewe

Michezo inayothamini mwili mwepesi ina ugonjwa wake wa kimyakimya: kijana hula kidogo kuliko anachotumia. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi linalofupishwa RED-S, maana yake upungufu wa nishati mwilini kwa mwanamichezo. Mwili usiopata chakula cha kutosha huzima kazi ambazo si za lazima kwa siku hiyo: hedhi, ujenzi wa mifupa, kinga dhidi ya magonjwa, na hata ukuaji.

Katika kukwea miamba jambo hili lilifika hadharani mwaka 2023, pale Volker Schöffl, daktari Mjerumani aliyekuwa kwenye kamati ya tiba ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo, alipojiuzulu. Alisema shirikisho halikuchukua hatua za kutosha kuhusu washindani waliokonda kupita kiasi. Mwaka uliofuata shirikisho liliweka kanuni mpya za kuwapima afya washindani.

Kreatini inahusianaje na haya? Kwa njia mbili.

Ya kwanza, inaweza kuficha tatizo. Kijana asiyekula vya kutosha huchoka, nguvu hushuka, na hutafuta kitu cha kumwinua. Unga huu unaweza kumpa marudio mawili ya ziada huku mifupa yake ikiendelea kudhoofika. Anachokosa ni wali, ugali, viazi, mafuta, maziwa na nyama, na hakuna kijiko cha unga kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Ya pili, inaweza kuwasha tatizo. Kijana anayejipima kila asubuhi akiona kilo moja imeongezeka, anaweza kuruka chakula cha jioni. Maji yaliyo ndani ya misuli hayaondoki kwa kuruka chakula. Kinachoondoka ni wanga wa akiba na, baadaye, misuli yenyewe, yaani kilekile alichotaka kukiongeza.

Kabla ya kununua chochote, jiulize haya kuhusu mwanao:

- Je, ni msichana aliyefikisha miaka 15 na hajapata hedhi? Au alikuwa akipata na sasa imekatika kwa miezi 3 au zaidi?
- Je, amewahi kuvunjika au kupata ufa wa mfupa bila kuanguka vibaya?
- Je, urefu wake umesimama wakati wenzake wanaendelea kukua?
- Je, huogopa kula mbele ya watu, hukata vyakula vya wanga, au hujipima mara nyingi kwa siku?
- Je, huumwa mafua mara kwa mara, huhisi baridi, au huamka amechoka?

Jibu la ndiyo hata kwa swali moja linatosha kumpeleka kwa daktari kwanza. Kreatini isubiri. Usimwambie amenenepa wala amekonda. Mwambie umeona amechoka na unataka apimwe.

Vidole, viganja na mifupa inayokua

Mifupa ya mtoto hurefuka kutoka sehemu laini zilizo karibu na viungo. Sehemu hizo hufunga kukua kunapokwisha. Kabla ya hapo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na kuliko kano.

Wakweaji vijana, hasa wakati wa kurefuka haraka, huumia sehemu hiyo kwenye kiungo cha katikati cha kidole, mara nyingi kidole cha kati au cha pete. Dalili ni maumivu upande wa nyuma wa kiungo, uvimbe, na kushindwa kukunja kidole kikamilifu. Maumivu haya huja polepole bila ajali. Wanajimnastiki huumia sehemu kama hiyo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa sababu mikono yao hubeba mwili kama miguu.

Kreatini haigusi sehemu hizi moja kwa moja, wala haiimarishi kano. Lakini inaongeza uwezo wa misuli kuvuta na idadi ya marudio, wakati kano na mifupa haviongezeki nguvu kwa kasi hiyo. Mtoto wa miaka 13 ambaye kidole chake kimeanza kuuma hahitaji kitu cha kumwezesha kuvuta zaidi. Anahitaji kupumzisha kidole na kupigwa picha ya eksirei. Akipumzika mapema sehemu hiyo hupona vizuri. Akiendelea kukwea inaweza kubaki imepinda maisha yake yote.

Umri gani unafaa

Wataalamu hawakubaliani kikamilifu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinawashauri vijana wasitumie bidhaa za kuongeza uwezo michezoni, kreatini ikiwemo. Jumuiya ya kimataifa ya lishe ya michezo, katika msimamo wake wa mwaka 2017, ilisema vijana wanaweza kuifikiria iwapo wamemaliza kubalehe, wanafanya mazoezi makali ya mashindano, wanakula mlo kamili, wanaelewa wanachotumia, na hawazidishi dozi.

Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: mtoto ambaye bado hajabalehe hana sababu ya kuitumia. Mwili wake utampa nguvu nyingi zaidi kwa kukua kuliko unga wowote. Kwa kijana wa miaka 16 au 17 uamuzi ni wenu pamoja na daktari, na masharti hayo yote yatimie. Likikosekana moja, jibu ni hapana kwa sasa.

Mkiamua kuitumia

*Aina.* Nunua kreatini monohidrati, unga mtupu usio na ladha wala mchanganyiko. Ndiyo iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na ndiyo ya bei nafuu. Aina nyingine zinazouzwa ghali zaidi hazijaonyesha kuwa bora. Kaa mbali na mikebe ya mchanganyiko wa kabla ya mazoezi, kwani mingi ina kafeini nyingi na vitu vingine usivyovijua.

*Kiasi.* Gramu 3 kwa siku, mara moja, zinatosha kwa kijana wa kilo 45 hadi 60. Vijana wengi huambiwa waanze na gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima ili kujaza misuli haraka. Kwa michezo hii hilo halina maana. Utafiti wa Eric Hultman na wenzake, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba gramu 3 kwa siku kwa siku 28 huijaza misuli karibu sawa na gramu 20 kwa siku 6. Tofauti ni kwamba dozi kubwa huleta uzito kwa ghafla na mara nyingi huumiza tumbo au kuharisha.

*Kupima.* Kijiko cha chai hudanganya. Kikiwa bapa kinaweza kubeba gramu 3, kikiwa na kilima kinazidi 5. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni mara ya kwanza, uone gramu 3 zinafika wapi kwenye kijiko chako, kisha utumie kijiko hichohicho.

*Wakati.* Saa yoyote inafaa. La muhimu ni kila siku, hata siku za mapumziko. Ikorogwe kwenye maji, maziwa au uji ulio vuguvugu, na inywewe pamoja na chakula. Siku akisahau, asifidie kwa dozi mbili kesho yake.

*Maji.* Anywe kama kawaida, kwa kiu yake, na zaidi siku za joto. Dhana kwamba kreatini husababisha kukakamaa kwa misuli haijathibitishwa na tafiti.

*Mizani.* Kijana apimwe mara moja kwa wiki tu, na kama namba humsumbua, namba hiyo aione kocha au daktari peke yake.

Kuhusu mkebe wenyewe

Kreatini safi inaruhusiwa, na haina tatizo lolote kwenye vipimo vya dawa michezoni. Tatizo ni kile kisichoandikwa kwenye lebo. Uchunguzi wa maabara ya Cologne, Ujerumani, uliofanywa miaka ya 2000 na 2001 kwa bidhaa 634 za virutubisho kutoka nchi mbalimbali, ulikuta takriban asilimia 15 zikiwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mwanamichezo huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua.

Kwa hiyo tafuta mkebe wenye alama ya kupimwa kwa ajili ya wanamichezo, kama Informed Sport au NSF Certified for Sport. Usitegemee alama pekee: namba ya toleo iliyoandikwa kwenye mkebe itafutwe kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Usinunue unga uliofungwa upya kwenye mifuko ya plastiki, hata kama muuzaji ni rafiki wa kocha. Weka mkebe uliofunguliwa, na tunza namba ya toleo.

Figo na vipimo vya damu

Wazazi wengi wamesikia kwamba kreatini huharibu figo. Kwa watu wazima wenye afya wanaotumia dozi za kawaida, tafiti hazijaonyesha madhara hayo. Hofu hiyo imetokana kwa sehemu na mkanganyiko wa majina.

Kreatini ikitumika hubadilika kuwa kreatinini, ambayo ni taka inayotolewa na figo. Hospitalini kiwango cha kreatinini kwenye damu hutumika kukadiria figo zinavyofanya kazi. Anayetumia kreatini anaweza kuwa na kreatinini iliyopanda kidogo huku figo zake zikiwa nzima. Daktari asiyejua anaweza kudhani kuna ugonjwa. Mwambie mapema kwamba mwanao anatumia kreatini. Anaweza kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa za kuacha, au kutumia kipimo kingine kiitwacho sistatini C, ambacho hakitegemei kreatini.

Hata hivyo, mtoto mwenye ugonjwa wa figo, aliyezaliwa na figo moja, mwenye kisukari au shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kila siku asipewe kreatini bila ruhusa ya daktari wake. Angalia pia dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo vijana wa michezo hii huzimeza mara kwa mara kwa ajili ya vidole na viganja. Zikitumiwa kila siku zinaweza kuzidhuru figo zenyewe, na zinaficha maumivu yanayopaswa kusikika.

Acha na umwone daktari ikiwa

- anaharisha au tumbo linauma hata kwa gramu 3;
- miguu au uso unavimba, au mkojo unakuwa mchache au mweusi kama chai;
- ameanza kupunguza chakula baada ya kuona uzito umepanda;
- hedhi imekatika;
- kiungo cha kidole au kifundo cha mkono kinauma kwa zaidi ya wiki moja, au kinauma hata akiwa amepumzika.

Ikiwa wiki 8 zimepita, hakuna dalili mbaya, na vipimo vya kocha havionyeshi faida, acheni. Wapo ambao misuli yao haipokei zaidi, na kuendelea kununua mkebe baada ya mkebe hakutabadilisha hilo. Fedha hiyo itumike kununua samaki, mayai na maziwa.